Sarufi ya Huruma: Kumtambulisha Mzungumzaji Aliyetibiwa Saratani Mbele ya Hadhira

Ikisiri

Katika mikutano ya uhamasishaji wa afya, mtu aliyewahi kutibiwa saratani huitwa jukwaani baada ya maneno machache ya mshereheshaji. Makala haya yanafafanua namna maneno hayo yanavyoweza kumpokonya mzungumzaji mamlaka ya kusema kabla hajafungua kinywa, hata pale mshereheshaji anapokusudia kumheshimu. Hoja kuu ni kwamba huruma haimo katika msamiati peke yake. Imo pia katika kauli za vitenzi, katika viunganishi vya ukinzani, katika njeo, na katika tendo uneni linalofunga utambulisho. Makala yanachambua utambulisho mmoja uliokosewa, kisha yanaulinganisha na mwingine ulioandikwa pamoja na mzungumzaji huyohuyo. Mwishoni yanaonesha mipaka ya uchambuzi huu, hasa pale chaguo la mzungumzaji linapotofautiana na pendekezo la mwanaisimu.

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita, mwandishi wa makala haya aliombwa kuwa mshereheshaji katika mkutano wa kuadhimisha Siku ya Saratani Duniani, ambayo huadhimishwa kila tarehe 4 Februari. Mmoja wa wazungumzaji alikuwa mwalimu wa sekondari aliyewahi kutibiwa saratani ya titi. Alipewa dakika kumi na tano. Mwandishi alimtambulisha kwa maneno aliyodhani ni ya heshima, na ukumbi mzima ukampa pole kwa sauti moja. Mwalimu alisimama, akashika kipaza sauti, akasema: "Asanteni, nimeshapoa." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza kuwa hakuja kupokea pole bali kuzungumzia uchunguzi wa mapema. Hata hivyo, zaidi ya dakika tano za mwanzo zilikwisha akiituliza hadhira iliyokwisha kumlilia. Maswali aliyoulizwa mwishoni yalihusu nywele zake na mume wake. Hakuna aliyeuliza ni wapi mtu aende kuchunguzwa.

Tukio hilo linaibua swali la kiisimu. Mshereheshaji hakutumia neno lolote la matusi, na nia yake ilikuwa njema. Ni nini basi, katika utambulisho wenyewe, kilichomgeuza mzungumzaji kuwa mtu wa kuonewa huruma? Goffman (1963) ameeleza kuwa sifa moja inayoaibisha inaweza kumeza sifa nyingine zote za mtu machoni pa jamii. Maelezo hayo yanatusaidia kulitambua tatizo, lakini hayatuoneshi jinsi linavyojengwa katika Kiswahili, kishazi kwa kishazi. Hilo ndilo linaloshughulikiwa hapa.

2.0 Matini ya Kwanza

Utambulisho uliotolewa siku hiyo ulikuwa huu. Vishazi vimepewa namba ili kurahisisha rejea.

(1) Mabibi na mabwana, sasa tunaye mwathirika wa saratani. (2) Mama huyu ameteseka sana. Alikatwa titi, akanyonyoka nywele, na wengi wetu tulidhani tumempoteza. (3) Licha ya yote hayo, bado anafundisha hadi leo. (4) Amepigana vita na ameshinda. Ni shujaa wetu. (5) Kwa pamoja tumpe pole, kisha tumsikilize.

Msikilizaji atagundua kwamba jina la mzungumzaji halimo. Katika matini yote anaitwa mwathirika, mama huyu na shujaa. Hata hivyo, kulitaja jina kusingeliondoa tatizo, kwa sababu kila kishazi kina kasoro yake, na kasoro hizo zinategemeana.

3.0 Uchambuzi

3.1 Nomino ya utambulisho

Nomino mwathirika imetokana na kitenzi athiri, chenye asili ya Kiarabu katika neno lenye maana ya alama au nyayo iliyoachwa na kitu. Umbo lake limepitia kauli ya kutendeka, athirika, kabla ya kupewa kiambishi cha ngeli ya watu. Tulinganishe na msomi au mpiganaji: hao ni watu wanaotambuliwa kwa kile wanachokitenda. Mwathirika anatambuliwa kwa alama iliyoachwa juu yake na kitu kingine. Umbo mwathiriwa, linalosikika zaidi nchini Kenya, lina kauli ya kutendwa badala ya kutendeka, lakini matokeo ni yaleyale. Tena kirai "mwathirika wa saratani" kinamfanya mtu awe milki ya ugonjwa, kwa kuwa kihusishi cha a-unganifu kinaweka saratani mahali ambapo kwa kawaida tunaweka mahali pa asili au mmiliki.

Jamii ya Waswahili imewahi kulikabili suala hili. Kwa muda mrefu watu wenye virusi vya UKIMWI waliitwa waathirika, mpaka pakaenea istilahi ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambayo nchini Tanzania hufupishwa kuwa WAVIU. Badiliko hilo lilikuwa la kisarufi kwa kadiri lilivyokuwa la kimsamiati: nomino kuu ikawa watu, kitenzi kikawa kuishi, na ugonjwa ukashushwa hadi kwenye kirai cha mwisho.

Neno linalopendekezwa mara nyingi badala ya mwathirika ni manusura. Hili lina asili ya heshima. Mzizi wake wa Kiarabu unahusu kusaidiwa na kupewa ushindi, na katika Kiswahili linahusiana na nusuru na nusurika. Hata hivyo, familia hiyohiyo ya maneno inalo nusura katika maana ya karibu kutokea, kama katika "nusura aanguke". Kwa hiyo manusura, kama linavyotumika katika habari za ajali na mafuriko, ni mtu aliyekaribia kufa katika tukio ambalo limekwisha. Daktari Fitzhugh Mullan, aliyewahi kuugua saratani mwenyewe, aliandika mwaka 1985 kwamba kunusurika kwa mgonjwa wa saratani kuna misimu mitatu, na kwamba kunaanzia siku ya kugunduliwa kwa ugonjwa, wala si siku ya kumaliza matibabu. Dhana hiyo imeenea sana katika tiba, lakini neno manusura, kwa matumizi yake ya kila siku, halijaibeba bado. Anayelitumia jukwaani ajue kwamba wasikilizaji wengi watasikia habari ya tukio lililopita.

3.2 Kauli za vitenzi na mahali pa mwili

Katika kishazi cha (2) mzungumzaji ni kiima cha vitenzi vitatu: teseka, katwa na nyonyoka. Vyote vitatu vinamwonesha kama mtendwa. Teseka ni kauli ya kutendeka ya tesa. Katwa ni kauli ya kutendwa, na mtendaji hakutajwa. Nyonyoka ni kitenzi kinachotumika pia kwa ndege aliyepukutika manyoya, na ukumbi hauwezi kukwepa taswira hiyo.

Muundo "alikatwa titi" unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Kiswahili kingeruhusu pia "titi lake lilikatwa", ambapo kiima ni kiungo na mtu anabaki kuwa mmiliki. Katika "alikatwa titi" mmiliki amepandishwa hadi nafasi ya kiima, na kiungo kimebaki baada ya kitenzi. Muundo huu ni wa kawaida katika lugha za Kibantu, na kazi yake ni kuonesha kwamba lililokipata kiungo limempata mtu mzima. Katika mazungumzo ya nyumbani huo ni usemi wa upendo, kwa kuwa unakiri kwamba maumivu si ya kiungo peke yake. Jukwaani, mbele ya mamia ya wageni, unawaelekeza wote kuutazama mwili wa mtu ambaye hajasema neno. Kirai "alifanyiwa upasuaji" kina kauli ya kutendwa pia, lakini kinataja tiba badala ya kiungo, na kinamwachia mwenye mwili uamuzi wa kusema zaidi.

Hapa dhana ya Kiswahili ya sitara inaeleza jambo hili vizuri kuliko dhana ya uso katika nadharia ya upole ya Brown na Levinson (1987). Kumsitiri mtu hakumaanishi kuuficha ugonjwa wake. Mwalimu huyu alikuwa tayari kuutaja, na ndiyo maana alikubali kuja. Kumsitiri ni kumwachia yeye afunue kile anachotaka, kwa kiasi anachotaka, kwa wakati anaouchagua. Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mshereheshaji wa matini ya kwanza aliwahesabu kunguni wa kitanda cha mwingine, na kuwatangaza.

3.3 Viunganishi vya ukinzani

Kishazi cha (3) ndicho ambacho mwandishi alikiona kuwa cha heshima kuliko vyote, na ndicho kinachohitaji tahadhari zaidi. "Licha ya" hukinzanisha jambo moja na tarajio linalotokana na jambo jingine. Ili sentensi "licha ya yote hayo, bado anafundisha" ieleweke, lazima msikilizaji akubali kwanza dhanio kwamba mtu aliyetibiwa saratani hatarajiwi kufundisha. Dhanio hilo halikutamkwa, kwa hiyo haliwezi kupingwa kwa urahisi. Neno "bado" linaongeza kwamba hali hiyo inaweza kukoma wakati wowote, na "hadi leo" inauelekeza ukumbi kwenye siku ambayo itakoma. Hivyo sifa njema ya kufundisha imegeuzwa kuwa ajabu.

Jaribio la kutambua kasoro hii ni jepesi. Tuondoe "licha ya yote hayo", "bado" na "hadi leo", kisha tuone kama kuna taarifa iliyopotea. Kinachobaki ni "anafundisha", na taarifa yote imo. Kilichoondoka ni mshangao wa msemaji tu.

3.4 Njeo na istiari ya vita

Kiambishi -me- katika "ameshinda" kinaonesha tendo lililokamilika ambalo hali yake ingali ipo wakati wa kusema. Hiyo ni kauli kuhusu hali ya mwili wa mtu leo, na mshereheshaji hana uwezo wa kuithibitisha. Mtu anaweza kuwa amemaliza upasuaji na mionzi, na hali anaendelea kumeza dawa za homoni kila siku kwa miaka mitano au hata kumi, huku akirudi kliniki kwa ufuatiliaji. Kusema kuwa "ameshinda" au "amepona kabisa" ni kumpa ahadi ambayo hata daktari wake huitoa kwa uangalifu. Ugonjwa ukirudi, mtu huyo atalazimika kukanusha hadharani kile kilichotangazwa kwa niaba yake. Kiambishi -li-, katika "alitibiwa mwaka fulani", kinataja tukio lililopita lenye tarehe. Ni kweli leo, na itakuwa kweli kesho hata hali ikibadilika.

Istiari ya vita imekosolewa tangu Susan Sontag alipochapisha kitabu chake kuhusu ugonjwa kama istiari mwaka 1978. Katika Kiswahili ina tatizo la ziada la kimofolojia. Ushinda una kinyume chake kinachoundwa kwa kiambishi kimoja tu: ameshinda, ameshindwa. Ndugu wa marehemu waliokaa ukumbini siku hiyo, na walikuwapo, hawakuhitaji kuambiwa neno la pili. Walilisikia ndani ya lile la kwanza.

3.5 Tendo uneni la kufunga

Kishazi cha (5) ndicho kilichokula dakika tano za mwalimu. Pole ni tendo uneni linalodai jibu. Katika maadili ya Waswahili, aliyepewa pole hujibu "asante" au "nimeshapoa", na kunyamaza ni utovu wa adabu. Kwa hiyo anayempa mzungumzaji pole anaiamua sentensi yake ya kwanza. Badala ya kuanza na mada, mzungumzaji anaanza kwa kuithibitishia hadhira kuwa yuko salama. Mgonjwa anageuka kuwa mfariji wa wanaomhurumia.

Hatusemi kwamba pole ni neno baya. Mahali pake ni kitandani, nyumbani, au kwenye korido baada ya mkutano, ambapo watu wawili wanaweza kupeana na kupokea kwa zamu. Ikitolewa na watu mia mbili kwa pamoja kwa amri ya kipaza sauti, inakuwa tamko la ukumbi mzima juu ya mtu mmoja.

4.0 Matini ya Pili

Mwaka uliofuata mwalimu alialikwa tena, na mwandishi akamwomba waandike utambulisho pamoja. Mazungumzo yao yalichukua kama nusu saa. Mwandishi alipendekeza neno manusura. Mwalimu alilikataa: "Manusura ni wa ajali iliyokwisha. Mimi mwezi ujao nina kliniki." Alikubali ugonjwa utajwe kwa jina na kwa mwaka, akakataa hatua ya ugonjwa na aina ya upasuaji visitajwe. Alitaka pia watu wajue mapema ni maswali gani atayapokea. Matokeo yalikuwa haya, ambapo mahali pa jina pameachwa wazi:

(1) Mgeni wetu anayefuata ni Mwalimu Bi. ... (2) Anafundisha hisabati, na kwa miaka kadhaa amekuwa akiwasindikiza wanawake wa mtaa wake kwenda kuchunguzwa matiti. (3) Mwaka 2016 alitibiwa saratani ya titi. (4) Leo atatueleza kwa nini uvimbe usiouma ulimfanya achelewe kwenda hospitali, na maswali aliyomwuliza daktari alipofika. (5) Baadaye atapokea maswali kuhusu uchunguzi na matibabu. (6) Mwalimu, karibu.

Mzungumzaji sasa ni kiima cha fundisha, sindikiza, eleza, uliza na pokea. Kauli ya kutendwa imebaki mara moja tu, katika alitibiwa, na hapo inastahili kwa kuwa kutibiwa ni jambo alilofanyiwa kweli. Ugonjwa umetajwa waziwazi, bila kuzungushwa kwa tasfida kama "yale maradhi" au "ugonjwa ule mbaya". Tasfida za namna hiyo nazo hufikisha huruma, kwa sababu hudokeza kuwa kuna aibu ya kufichwa. Hata hivyo saratani haikutangulia. Imekuja katika kishazi cha tatu, baada ya jina na kazi, na mara moja inafuatwa na maarifa yaliyotokana nayo. Kishazi cha (4) kinaupa ugonjwa nafasi mpya: ni chanzo cha ushahidi. Uvimbe wa saratani ya titi mara nyingi hauumi, na wengi huchelewa kwa sababu hiyohiyo. Mwalimu analijua jambo hilo kwa namna ambayo kipeperushi hakiwezi kulijua.

Kishazi cha (4) kinagusa kosa lake mwenyewe, yaani kuchelewa. Mshereheshaji asingekuwa na haki ya kulitaja kama mwalimu mwenyewe hangelichagua. Kishazi cha (5) kinaweka mpaka wa maswali bila kumkataza mtu, na cha (6) kinafunga kwa "karibu". Hili nalo ni tendo uneni linalodai jibu, lakini jibu lake ni "asante" fupi, na baada yake njia ya kuelekea kwenye mada iko wazi. Mwalimu alijibu "asante", akaanza moja kwa moja na siku aliyogusa uvimbe akioga. Swali la kwanza kutoka ukumbini lilikuwa la mwanamke aliyetaka kujua aanzie wapi kama hana maumivu.

5.0 Mipaka ya Uchambuzi

Matini mbili za mzungumzaji mmoja haziwezi kuwa kanuni. Wapo watu waliotibiwa saratani wanaojiita mashujaa, na wapo wanaolipenda neno manusura kwa sababu linawapa jamaa ya kusimama nayo. Mtu akijiita hivyo, mshereheshaji amfuate. Hoja ya makala haya haikatazi nomino fulani. Inahusu nani amezichagua. Vivyo hivyo kumshukuru Mungu, ambako katika mikutano mingi ya Afrika Mashariki ni sehemu ya adabu: mzungumzaji akishukuru mwenyewe, anasimulia imani yake, mshereheshaji akisema kwamba Mungu amemwokoa huyu, waliofiwa watabaki na swali ambalo hakulikusudia.

Pia, utambulisho mzuri hauzuii maswali yote ya udadisi. Unachoweza kufanya ni kuamua mzungumzaji anaanzia wapi. Kwa hiyo njia ya kuupima ni kusikiliza sentensi ya kwanza ya mzungumzaji. Ikiwa inajibu utambulisho, kwa kutuliza, kukanusha au kusahihisha, basi utambulisho umechukua nafasi isiyo yake. Ikiwa inaanza mada, umefanya kazi yake.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba huruma inayomdhalilisha mzungumzaji inaweza kujengwa na viambajengo vya kawaida vya sarufi ya Kiswahili: nomino inayotokana na kauli ya kutendeka, kupandishwa kwa mmiliki wa kiungo hadi nafasi ya kiima, kiunganishi "licha ya", kiambishi -me- pasipo ushahidi, na pole inayodai jibu. Kila kimoja kina matumizi yake halali kwingine. Kinachohitajika kabla ya mkutano ni nusu saa ya kukaa na mzungumzaji, na kumwuliza mambo matatu: aitweje, ugonjwa utajwe kwa kiasi gani, na anataka kuulizwa nini.